Mazao ya kinadharia si makisio

Nimesikia tena mtu akimwambia mwanafunzi aliyepata mazao ya asilimia 138 kwenye jaribio la kemia: "Usijali, ile namba uliyokokotoa ni nadharia tu." Hapana, hapo kuna kosa, na linatafutika.

Asilimia ya mazao ni uzito ulioupata, ugawanye kwa uzito wa juu kabisa ambao mmenyuko ungeweza kutoa, kisha zidisha kwa 100. Kinachowachanganya watu ni neno nadharia. Asili yake ni Kiarabu, kwenye nadhar, yaani kutazama, na ndugu yake nadhari bado tunalo. Katika mazungumzo limegeuka kuwa maneno ya darasani yanayosubiri kupingwa na vitendo. Kwenye hesabu hii halina maana hiyo. Mazao ya kinadharia ni kikomo: atomi hazizaliwi ndani ya bika, kwa hiyo huwezi kutoa zaidi ya ulichotia.

Mwanafunzi yule alichukua sentimita za ujazo 25 za asidi ya sulfuriki ya moli 1 kwa lita, akatia oksaidi ya shaba mpaka ikabaki isiyoyeyuka, akachuja, akaacha fuwele zijitenge. Oksaidi ilizidi, hivyo asidi ndiyo iliyoamua kiasi: moli 0.025, na kila moli ya asidi hutoa moli moja ya salfeti ya shaba. Akazidisha kwa 159.5, yaani gramu za moli moja ya CuSO4, akapata gramu 3.99. Mizani ikampa 5.5.

Lakini fuwele zake zilikuwa za buluu! Rangi hiyo inasema kwamba maji yamo ndani ya fuwele zenyewe, CuSO4·5H2O, na moli moja yake ni gramu 249.5. Kikomo chake halisi ni gramu 6.24, na mazao yake ni asilimia 88. Alipima kitu kimoja akakokotoa kingine. (Wapo wanaogeuza mgawanyo, 3.99 kwa 5.5, ili jibu lishuke chini ya 100. Hiyo 73 haipimi chochote.)

Kama fomula ni sahihi na jibu bado limevuka 100, tuseme umepima gramu 6.9, shuku unyevu kwanza. Zikaushe fuwele kwa kuzibana katikati ya karatasi za kuchujia, ziache hewani, pima, subiri, pima tena, mpaka vipimo viwili vifuatanavyo vilingane. Usizikaushe kwa moto mkali: zikianza kuwa nyeupe, maji ya ndani yameanza kutoka, na hesabu ya 249.5 haifai tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, badala ya "nimepita nadharia", sema "nimepima zaidi ya nilivyokokotoa". Ukisema hivyo utajua pa kurudi: kwenye fomula uliyoiandika, au kwenye fuwele zilizo mizanini.