Je, wajua kompyuta hutambuaje kazi ambazo haziwezi kupangika kabisa?

*Kazi zikiwa zinasubiriana, programu inajuaje kwamba hakuna mpangilio wowote utakaofaa, na si kwamba haijatafuta vya kutosha?*

Inajua kwa sababu haitafuti. Ingekuwa inajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, kazi 9 tu zingeipa mipangilio 362,880 ya kukagua. Badala yake huanza na kazi zisizosubiri chochote, inaziondoa, kisha inaangalia ni zipi zilizofunguliwa na kuondoka kwa hizo. Inaendelea hivyo mpaka kazi ziishe au zikwame. Zikikwama, kukwama kwenyewe ndio uthibitisho, na hapo hakuna tena haja ya kujaribu kitu kingine.

Tuchukue mfano wa kutoa kitabu, maana ni shughuli ambayo mzunguko wa kazi zinazosubiriana hujificha ndani yake bila mtu yeyote kukosea. Mhariri anahariri mswada. Mchoraji anasubiri mswada uliohaririwa ndipo achore. Mpanga kurasa anahitaji michoro, na anahitaji kujua ukubwa wa karatasi. Mtu wa faharasa hawezi kuandika kwamba neno fulani liko ukurasa wa 84 kabla kurasa hazijapangwa. Mchapaji anasema hatatoa bei mpaka ajue jumla ya kurasa, na jumla hiyo haijulikani mpaka faharasa imalizike, kwa kuwa nayo inakula kurasa zake. Mwenye fedha hachagui ukubwa wa karatasi kabla hajaiona bei. Jalada linahitaji namba ya ISBN, michoro, na jumla ya kurasa, kwa sababu unene wa mgongo wa kitabu unatokana na wingi wa kurasa. Kuchapa kunasubiri jalada na kurasa.

Soma tena maelezo ya kila mmoja. Yote ni ya haki. Hakuna watu wawili wanaopingana ana kwa ana, na ndiyo maana kikao kizima kinaweza kuipitisha orodha hii bila mtu kunyanyua mkono.

Sasa tuiandike kama kompyuta inavyopenda, jozi moja kwa kila mstari: kazi ya kushoto lazima itangulie ya kulia.

```
kuhariri michoro
michoro kurasa
ukubwa kurasa
kurasa faharasa
faharasa bei
bei ukubwa
isbn jalada
michoro jalada
faharasa jalada
jalada kuchapa
kurasa kuchapa
```

Kila kazi tuipe deni, yaani idadi ya kazi inazozisubiri. Kuhariri deni lake ni 0, na ISBN vilevile. Michoro, faharasa, bei na ukubwa zina deni la 1 kila moja. Kurasa na kuchapa zina 2. Jalada lina 3.

Zenye deni la 0 ndizo zinazoweza kuanza. Tunaiondoa kuhariri, na deni la michoro linashuka kutoka 1 hadi 0. Tunaiondoa ISBN, jalada linashuka hadi 2. Michoro nayo sasa iko huru, kwa hiyo tunaiondoa. Kurasa inashuka hadi 1, jalada linashuka hadi 1. Tunatafuta nyingine yenye 0. Hakuna. Zimetoka kazi 3, zimebaki 6, na kila mojawapo bado inadaiwa.

Utaratibu huu aliuchapisha Arthur Kahn mwaka 1962, na mpaka leo unafundishwa kwa jina lake. Uzuri wake ni kwamba kila kazi inaondolewa mara moja tu na kila jozi inaguswa mara moja tu, kwa hiyo hata orodha ya jozi milioni moja ni kazi ndogo kwa kompyuta ya kawaida.

Lakini kwa nini kukwama kuwe ni uthibitisho? Pengine tulianza vibaya. Pengine tungeiondoa ISBN kabla ya kuhariri mambo yangekwenda vingine. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na hoja yake ni fupi. Chukulia kwamba upo mpangilio halali wa kazi zote 9. Ndani ya mpangilio huo, zile 6 zilizobaki lazima ziwe na ya kwanza, yaani ile inayofanywa kabla ya zile 5 wenzake. Kazi hiyo inaanzaje? Kila mojawapo kati ya zile 6 inasubiri angalau mwenzake mmoja aliyemo humohumo ndani ya zile 6. Hiyo ya kwanza ingekuwa inaanza kabla ya kitu inachokisubiri. Haiwezekani. Na hoja hii haikugusa popote suala la tulianzia wapi, kwa hiyo ungeanza na ISBN ungebaki na 6 zilezile.

Nimeona watu wengi wakifika hapa na kutangaza kwamba kazi zote zilizobaki ndizo zenye mzunguko. Hilo ni kosa, na linagharimu, kwa kuwa unawaita watu sita kikaoni wakati wenye shida ni wanne. Angalia jalada. Linasubiri faharasa, lakini hakuna yeyote kati ya wale wanne anayelisubiri jalada. Kuchapa vilevile. Hizi mbili hazimo ndani ya mzunguko; zimekwama kwa sababu zimesimama nyuma yake, kama magari yaliyopanga foleni nyuma ya ajali ambayo hayakuhusika nayo.

Kuupata mzunguko wenyewe kunahitaji hatua moja zaidi. Chagua kazi yoyote iliyobaki na uiulize: kati ya zilizobaki, unamsubiri nani? Nenda kwa huyo, muulize swali lilelile. Tuanze makusudi na kuchapa, ambayo tunajua haina hatia. Kuchapa inasema jalada. Jalada linasema faharasa. Faharasa inasema kurasa. Kurasa inasema ukubwa. Ukubwa unasema bei. Bei inasema faharasa. Na faharasa tumeshapita kwake! Basi kata mkia wa mwanzo, kuchapa na jalada, na kilichobaki ndicho tulichokuwa tunakitafuta: faharasa inasubiri kurasa, kurasa inasubiri ukubwa, ukubwa unasubiri bei, bei inasubiri faharasa.

Safari hii haiwezi kufeli. Kila kazi iliyobaki inaye wa kumsubiri kati ya zilizobaki, kwa hiyo huwezi kufika mahali pasipo na njia. Na kazi ni 6 tu, kwa hiyo ndani ya hatua 6 lazima utakanyaga pale ulipokwisha kukanyaga. Ila ni lazima urudi nyuma, kwa kufuata wanaosubiriwa. Ukienda mbele, kutoka faharasa kwenda jalada kwenda kuchapa, unafika mwisho wa njia mkono mtupu, ukidhani hakuna mzunguko.

Kwenye mifumo ya jamii ya Unix ipo programu ndogo iitwayo `tsort` inayosoma jozi kama zile zetu. Zikiwa ndani ya faili `kazi.txt`, unaandika `tsort kazi.txt`. Toleo la GNU litakuambia `tsort: kazi.txt: input contains a loop:` na kufuatisha majina ya kazi zilizomo kwenye mzunguko. Hapo kuna mtego ambao ningependa kila mtu aujue: baada ya onyo hilo halisimami. Linakata jozi mojawapo ya mzunguko na kuendelea kutoa orodha. Ukiangalia orodha pekee, utadhani umepata mpangilio.

GNU Make, inayotumika kujenga programu kutoka kwenye vipande vyake, nayo inafanya vivyo hivyo. Ukiipa kazi zetu na kuiagiza ifikie kuchapa kwa kupitia jalada kwanza, itateremka njia ileile tuliyoipita na kuandika `Circular bei <- faharasa dependency dropped.` Maana yake ni kwamba imelipuuza sharti la bei kusubiri faharasa, kisha inaendelea na kazi. Ukiandika kuchapa isubiri kurasa kabla ya jalada, itaingilia mlango mwingine na kulipuuza sharti jingine kabisa, la faharasa kusubiri kurasa. Yaani sharti linaloachwa linategemea mlango ilioingilia, wala si kwa sababu ndilo jepesi kuliko mengine. Ukiwa na skripti inayoendesha programu za namna hii usiku, ifanye ilitazame onyo lenyewe. Kwa `make`, kuwepo kwa matokeo mwishoni si dalili kwamba mpangilio ulikuwa halali.

Kukata wapi ni swali ambalo utaratibu wa Kahn haulijibu. Mzunguko wetu una masharti manne, na ukiliondoa lolote unavunjika, lakini kompyuta haijui kwamba kurasa kusubiriwa na faharasa ni jambo lisilokwepeka, ilhali bei kusubiri faharasa ni mazoea tu. Orodha ikiwa kubwa na mizunguko imeingiliana, hata kutafuta idadi ndogo kabisa ya masharti ya kuondoa ni tatizo gumu mno. Limo kwenye orodha ya matatizo 21 aliyoyachambua Richard Karp mwaka 1972, na mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka inayofaa kwa kila hali.

Kwa kitabu chetu, anayejua kazi anauona upenyo mara moja. Mchapaji hahitaji jumla kamili ya kurasa ili atoe bei ya awali. Hesabu ya maneno ya mswada uliohaririwa inatosha kukadiria kurasa kwa kila ukubwa wa karatasi, na bei kamili itafungwa baadaye. Kwa hiyo tunafuta mstari `faharasa bei` na kuandika `kuhariri bei`.

Kisha tunarudia kuanzia mwanzo, kwa sababu safari moja ya kurudi nyuma inaonyesha mzunguko mmoja tu na huenda kuna mwingine uliojificha nyuma yake. Kuhariri inatoka, na mara hii inafungua mbili, michoro na bei. ISBN inatoka. Bei inaufungua ukubwa, ukubwa na michoro zinaifungua kurasa, kurasa inaifungua faharasa, faharasa inalifungua jalada, na mwisho kuchapa inatoka ikiwa na deni la 0. Zimetoka 9 kati ya 9.