Je, wajua? Alama 7 kati ya 10 inaweza kumaanisha 4

"Mwalimu, naomba unitungie kwizi ya kesho asubuhi. Fupi tu."

Ndivyo mwalimu mwenzangu alivyoniomba. Hapo hakuna somo, hakuna darasa, hakuna idadi ya maswali wala aina yake. Zamani ungeniuliza pengo lipi kati ya hayo manne ndilo baya zaidi, ningejibu bila kusita: somo. Ningekosa. Somo na darasa ni mapengo yanayojitangaza yenyewe. Huwezi kuandika hata swali la kwanza kabla ya kuyaziba, kwa hiyo utamuuliza mwenzako na atakujibu kwa maneno mawili. Mapengo ya hatari ni yale mengine mawili, idadi na aina, kwa sababu unaweza kuyaziba kwa kukisia na jaribio likatoka safi tu. Litachapwa, litafanywa, litasahihishwa, na hakuna atakayegundua kwamba alama zake zinasema jambo jingine.

Mimi niliwahi kuliziba pengo la aina kwa uvivu. Nilitunga maswali 10 ya kweli au si kweli, kwa kuwa rundo lake husahihishwa kabla kengele ya kipindi kinachofuata haijalia. Wastani wa darasa ukawa 7. Nikasoma kama kila mtu angesoma: watoto wanajua asilimia 70 ya mada, tusonge mbele. Tukasonga. Mada iliyofuata ilitegemea ile, na ndani ya wiki moja ilikuwa dhahiri kwamba karibu nusu ya niliyodhani wanayajua hawakuwa nayo. Niliwalaumu kwa kusahau, kumbe hawakuwa na cha kusahau.

Mfikirie mwanafunzi anayejua mambo manne tu kati ya 10 uliyouliza. Hayo manne anayapata. Yaliyobaki sita hayajui, lakini haachi wazi, kwa nini aache? Anarusha sarafu kichwani. Sarafu ikitenda haki, tatu zitaangukia upande sahihi na tatu upande wa makosa. Manne aliyoyajua pamoja na matatu aliyookota ni saba. Ukishika karatasi yake huwezi kujua vema ipi ni ya elimu na ipi ni ya sarafu. Zote zimeandikwa kwa kalamu ileile.

Kuna njia rahisi ya kuyaona haya kwa kurudi nyuma. Katika kweli au si kweli, kila kosa la kubahatisha lina pacha wake: jibu moja la kubahatisha lililoangukia pazuri. Kwa hiyo ukihesabu makosa, umehesabu pia mapacha waliojificha miongoni mwa vema. Toa makosa kwenye vema: 7 kutoa 3 ni 4. Maswali yakiwa na machaguo manne, bahati hupatikana mara moja katika kila majaribio manne, yaani makosa matatu ndiyo yenye pacha mmoja. Hapo unagawa makosa kwa 3 kwanza, ndipo unatoa. Mwenye 7 anabaki na 6. Na maswali yakiwa ya majibu mafupi, yasiyo na cha kuchagua, bahati karibu haina pa kuingilia, na 7 ni 7.

Tofauti hiyo si ndogo. Chukua wanafunzi 100 wasiojua lolote kabisa, uwape maswali 10 ya kweli au si kweli: takriban 62 kati yao watapata nusu au zaidi. Wape maswali 10 ya machaguo manne, na watakaofika nusu ni kama wanane. Ujinga ni uleule, karatasi tu ndiyo imebadilika.

Lakini hesabu ya mapacha usiipeleke mbali. Kwanza, inafaa zaidi kwa wastani wa darasa kuliko kwa mtoto mmoja, maana sarafu ya mtu mmoja inaweza kumpendelea asubuhi nzima. Pili, inadhani kwamba asiyejua anabahatisha kipofu, na wanafunzi si vipofu. Wapo wanaofuta jibu la kipuuzi kwanza, na wapo wanaokosea kwa uhakika kamili kwa sababu wanaamini jambo lisilo kweli. Hapa ndipo penye ajabu ndogo ninayoipenda: mwaka 2005 mtafiti wa upimaji wa elimu, Michael Rodriguez, alikusanya tafiti za miaka 80 kuhusu maswali ya kuchagua na kuhitimisha kwamba kwa kawaida machaguo matatu yanatosha. Chaguo la nne mara nyingi ni la kujaza karatasi tu, na wachache sana hulichagua. Swali lako la machaguo manne huenda ni la matatu lililovaa koti kubwa.

Kuhusu idadi nitasema kifupi. Kila swali ni kijiko kimoja kutoka kwenye mada, na vijiko vichache hudanganya. Mwanafunzi anayejua kweli asilimia 70 ya mada, akipewa maswali matano ya majibu mafupi yaliyochotwa ovyo, ana uwezekano wa kama 16 katika 100 wa kupata mawili au pungufu, na hivyo kuhesabiwa ameshindwa. Akipewa 20, uwezekano wa kushuka chini ya nusu ni kama 2 katika 100. Lakini hii haimaanishi kwamba 20 ni bora kila mara. Kama unatafuta kosa moja mahususi, maswali manne yaliyochaguliwa kwa makusudi yanatosha, kwa sababu kosa la mazoea hujirudia na la kuteleza halijirudii.

Ndiyo maana mwenzangu aliponiletea ombi lile, nilipokwisha kujua kwamba ni hisabati na mada ni kujumlisha sehemu, sikumuuliza anataka maswali mangapi. Nilimuuliza atazifanyia nini karatasi zikirudi. Akasema anataka kujua nani wa kumrudia kabla ya kuingia kwenye kutoa. Jibu hilo liliziba mapengo yote mawili kwa pamoja: maswali manne, ya kuandika jibu, hakuna kuchagua.

La kwanza lilikuwa 1/2 + 1/3. Anayejua ataandika 5/6. Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ataandika 2/5. Yupo wa tatu, aliyejifunza kutafuta asili ya pamoja lakini akaziacha namba za juu zilivyokuwa: huyu ataandika 2/6. La pili likawa 1/4 + 1/8, ambalo kwa wote watatu hutoa 3/8, 2/12 na 2/8 kwa mpangilio uleule. La tatu 2/3 + 1/4, yaani 11/12, 3/7 na 3/12. La nne niliweka 2/7 + 3/7 kwa hila kidogo. Asili zikishafanana, yule wa tatu anapata 5/7 sawa kabisa na anayejua, ila wa juu kwa juu anaandika 5/14. Jaribio lenye maswali ya namna ya hilo la nne pekee lingewachanganya wanaojua na wanaojua nusu tu, wote wakapata alama kamili.

Kesho yake hakuandika alama juu ya karatasi yoyote. Alizigawa mafungu matatu mezani, na fungu la 2/6 ndilo lililokuwa kubwa.