Salfeti kula zege la msingi: ni kitu gani na saruji ipi inastahimili

Wengi wakisikia udongo una chumvi wanawaza kutu kwenye nondo tu, na kweli kutu ipo, ila kuna ugonjwa mwingine ambao hauhitaji hata nondo, unalila zege lenyewe, hata lile zege tupu la chini ya msingi ambalo halina chuma hata kipande. Huo ndio shambulio la salfeti. Salfeti ni jamii ya chumvi, na kwenye udongo utakutana na tatu hasa: ya kalsiamu, ambayo ndiyo jasi tunayoijua, ya sodiamu na ya magnesiamu. Zikiwa kavu zimekaa tu, hazina neno na mtu. Shida inaanza maji ya ardhini yanapoziyeyusha na kuziingiza kwenye vitundu vya zege, na ndio maana kiwanja kilekile upande wa bondeni msingi unaweza kuoza na upande wa juu ukabaki mzima.

Sasa ndani ya zege kinatokea nini. Saruji inatokana na klinka iliyosagwa, yaani vile vipande vigumu vinavyotoka kwenye tanuri la saruji, na kwenye klinka kuna madini ya kalsiamu na alumini ambayo watu wa saruji wanayaandika C3A. Salfeti ikikutana na mabaki ya hiyo C3A kwenye zege lililokwisha kukauka inatengeneza fuwele zinaitwa etringaiti, ambazo zinabeba maji mengi sana na zinataka nafasi kubwa kuliko vitu vilivyozitengeneza. Zege gumu halina pa kutanukia, kwa hiyo linapasuka, ufa unaingiza maji mengine yenye salfeti na mchezo unaendelea. Cha kuchekesha ni kwamba kiwandani wanasaga jasi pamoja na klinka makusudi ili saruji isigande haraka, yaani etringaiti inatokea kwenye kila zege duniani masaa ya mwanzo, ila wakati huo zege bado laini linajipanga vizuri tu. Ubaya ni ile inayokuja miaka baadaye.

Hiyo ni nusu ya habari. Salfeti pia inachukua chokaa inayozaliwa saruji ikishika na kuigeuza jasi humohumo ndani, zege linapoteza ugumu na kuwa kama udongo mnyevu ukilikwangua. Na salfeti ya magnesiamu ndiyo mbaya kuliko zote, hiyo inaishambulia mpaka ile gundi yenyewe inayoshika mchanga na kokoto, haijali C3A ipo au haipo. Ndio maana swali la kwanza sio "salfeti ipo?" bali ni ya aina gani na kiasi gani.

Kwa hiyo tusome ripoti ya maabara, maana hapa ndio watu wanapotelea. Angalia kwanza wameandika SO4 au SO3, kwa sababu maabara nyingine zinatoa SO3 na jedwali la kuchagulia saruji lipo kwa SO4, unatakiwa kuzidisha kwa 1.2. Ukisahau unajiona upo salama kumbe umevuka mstari. Halafu kuna jambo moja zuri sana kulijua: jasi haiyeyuki sana. Maji yakishiba jasi yanabeba salfeti kama miligramu 1,400 hadi 1,500 kwa lita, basi, haiongezeki hata ukiyaacha juu ya mlima wa jasi. Sasa ripoti ikikwambia 3,000 au 5,000 ujue moja kwa moja kuna salfeti ya sodiamu au ya magnesiamu humo, hata kama kwa macho unaona jasi tu kwenye shimo. Hapo unaomba wapime magnesiamu na kloridi pia, maana bila hizo namba unachagua saruji gizani.

Viwango vya Marekani vya ACI vinagawa hivi kwa maji: chini ya 150 mg/l hakuna wasiwasi, 150 mpaka 1,500 ni wastani, 1,500 mpaka 10,000 ni kali, juu ya hapo ni kali sana. Vya Ulaya mistari yake ipo tofauti, vinaanza 200 na ile hali kali kabisa, wanaiita XA3, ni 3,000 mpaka 6,000. Tumia kimoja mpaka mwisho, usichukue mpaka wa huku na saruji ya kule.

Haya, saruji. Zipo njia mbili na zinafanya kazi kwa namna tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni kupunguza C3A yenyewe. Saruji ya kawaida mara nyingi ina kama asilimia 8 hadi 12 ya C3A kwenye klinka. Saruji ya kustahimili salfeti ya Kimarekani, ile ASTM C150 Type V, hairuhusiwi kuzidi 5, na Type II inayotumika kwenye hali ya wastani mwisho ni 8. Za Ulaya utaona kwenye mfuko CEM I-SR 0, SR 3 au SR 5, SR maana yake inastahimili salfeti, na hiyo namba ndio asilimia ya juu ya C3A kwenye klinka. Rahisi kusoma.

Njia ya pili ni kuondoa sehemu kubwa ya klinka na kuweka slagi ya tanuri la chuma, au pozolana kama majivu ya volkano, au majivu ya makaa ya mawe. Hizi zinapunguza C3A kwa sababu klinka yenyewe imepungua, pia zinaila ile chokaa ambayo salfeti ingeigeuza jasi, na zaidi ya yote zinaziba vitundu kiasi kwamba maji machafu yanaingia kwa shida. Ila kiasi ndio kila kitu hapa. Kwa slagi zinazokubalika Ulaya kama za kustahimili ni CEM III/B yenye slagi asilimia 66 hadi 80 na CEM III/C yenye 81 hadi 95. CEM III/A yenye slagi 36 hadi 65 haimo kwenye orodha, kwa sababu slagi nayo ina alumini yake, ukiweka kidogo unaweza kuwa umeongeza chakula cha salfeti badala ya kupunguza. Pozolana ni CEM IV, lakini lazima mfuko uandikwe SR, sio kila mfuko wenye neno pozolana unastahimili. Na majivu yanayofaa ni yale yenye kalsiamu kidogo, yenye kalsiamu nyingi yanaweza kuharibu zaidi.

Hapa niseme kitu kinachonikera: mtu anakwambia "nimeweka 42.5 kwa hiyo salfeti hainisumbui". Hiyo 42.5 ni nguvu ya kubana, megapaskali kwenye siku 28, haihusiani kabisa na salfeti. Unaweza kuwa na 42.5 yenye C3A 11 ikaliwa mapema kuliko 32.5 ya SR. Soma herufi, sio namba kubwa.

Mtego mwingine upo kwenye udongo wenye chumvi mchanganyiko, salfeti pamoja na kloridi. C3A ambayo kwa salfeti ni adui, kwa kloridi ni rafiki, inazikamata kloridi zisifike kwenye nondo. Ukichukua CEM I-SR 0 kwa msingi wenye nondo kwenye udongo wa chumvi nyingi, umeokoa zege umeiacha nondo wazi. Hapo slagi nyingi ndio inashinda, maana inazuia vyote viwili kwa kuziba njia.

Tuchukue mfano. Msingi wa nguzo, kina mita moja na nusu, maji ya ardhini yanafika kwenye zege. Ripoti inasema SO3 3,200 mg/l, magnesiamu 250, kloridi 5,000. Zidisha 3,200 kwa 1.2 unapata SO4 3,840. Imezidi mbali ile 1,500 ya jasi kwa hiyo kuna chumvi nyingine, na magnesiamu ipo chini ya 300 ambapo Ulaya ndio wanaanza kuihesabu, basi mkubwa hapa ni sodiamu. Kwa kipimo cha Ulaya ni XA3. Kloridi ipo juu na nondo zipo, kwa hiyo naacha CEM I-SR 0 nachukua CEM III/B-SR. Jedwali la Ulaya linataka saruji isipungue kilo 360 kwa mita ya ujazo na maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji, maana yake lita 162.

Na hiyo 0.45 mimi naipa uzito kuliko jina la saruji. Marekani walizika nusu vipande vya zege vya majaribio kwenye udongo wa salfeti ya sodiamu kule Sakramento kwa miaka mingi, na zege la maji mengi liliharibika hata likiwa na Type V, la maji machache likabaki. Kwa mfuko wa kilo 50 ina maana lita 22.5 jumla, na mchanga mbichi unahesabika: kilo 100 za mchanga wenye unyevu asilimia 4 zimeshaleta kama lita 4, unaongeza 18.5 tu. Zege litakuwa zito kumwaga, kwa hiyo tumia kilainishi cha zege, usiongeze maji, na usitumie kiharakishaji cha kalsiamu kloridi. Slagi inashika polepole, kwa hiyo kumwagilia au kufunika kwa nailoni kusipungue siku 7, ikiwezekana 14, na pampu ya kutoa maji shimoni iendelee wakati huo ili zege changa lisikutane na salfeti mapema.

Kwa jengo ambalo limeshajengwa, dalili huanza kwenye kona na kingo: weupe, nyufa ndogondogo, kisha vipande vinamenyuka na ndani ni laini, kidole kinaingia. Kama ufa umefuata mstari wa nondo na una doa la kahawia hiyo ni kutu. Na kama uharibifu ni mkanda tu juu kidogo ya usawa wa udongo, unga mweupe na zege linamenyuka tabaka kwa tabaka huku chini ya udongo zege ni zima, hiyo sio etringaiti, ni chumvi ya sodiamu inayopanda na maji, maji yanakauka na fuwele zinasukuma kutoka ndani. Hiyo haiponi kwa saruji ya SR, inataka zege lenye vitundu vichache, lami kwenye uso unaogusa udongo na maji ya mvua yaelekezwe mbali na ukuta.