Kitanda cha nne hakijalipa pango: nukta ya usawa katika karakana ndogo

Fundi mmoja wa vitanda pale Keko, Dar es Salaam, aliniambia kwa uhakika kabisa: "Dada, mimi nikishauza kitanda cha nne mwezi umelipwa. Vinavyofuata vyote ni faida." Halafu akaniuliza kwa nini kila baada ya miezi miwili mitatu anakopa ili anunue mbao. Mimi ni mhasibu wa gharama, na swali hilo huniletea watu wengi wenye karakana. Karibu kila mara jibu limefichwa katika namna walivyozipanga gharama zao.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kitanda cha futi 5 kwa 6 anauza shilingi 400,000. Mbao anaweka 165,000, fundi anayemlipa kwa kipande 65,000, vanishi, sila, thina na msasa 30,000. Jumla 260,000, kwa hiyo kila kitanda kinamwachia 140,000. Pango la fremu ni 300,000 kwa mwezi na mlinzi 150,000, jumla 450,000. Ukigawa 450,000 kwa 140,000 unapata vitanda vitatu na kidogo, ndiyo maana akasema vinne.

Kanuni aliyoitumia ni sahihi. Pesa inayobaki kwenye kila kitanda baada ya kutoa gharama zinazoongezeka kila unapotengeneza kimoja zaidi tunaiita mchango. Mchango huo unakwenda kulipia gharama ambazo zipo hata usipotengeneza kitu. Ukigawa gharama za kudumu za mwezi kwa mchango wa kitanda kimoja, unapata idadi ya vitanda ambapo hupati faida wala hasara, yaani nukta ya usawa. Kilichomponza ni vitu alivyovisahau, na vingine alivyoviweka upande usio wake.

Gharama za kudumu alizozisahau tulizipata haraka. Leseni ya biashara na tozo nyingine za mwaka, ukizigawa kwa miezi 12, ni 40,000. Mashine ya randa aliyoinunua 4,800,000 anakadiria itamfaa miaka mitano, kwa hiyo kila mwezi inaliwa 80,000, hata kama hakuna anayekuja kudai fedha hiyo. Kubwa kuliko zote ni yeye mwenyewe. Kila mwezi anatoa 600,000 kwa chakula, ada na nauli, na alikuwa akiihesabu kama faida. Mtu anayefanya kazi karakanani kuanzia saa moja asubuhi analipwa kama mtu mwingine yeyote, na malipo hayo ni gharama ya kudumu.

Kazi ya kweli ilikuwa kwenye gharama mseto, zile zenye sehemu ya kudumu na sehemu inayobadilika kwa pamoja. Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ni kijana anayepaka vanishi, ambaye hulipwa 150,000 kwa mwezi na kuongezewa 8,000 kwa kila kitanda. Hii haihitaji ufundi wowote, mapatano yenyewe yameshaigawa: 150,000 inakwenda kwenye gharama za kudumu, 8,000 kwenye gharama za kitanda.

Ya pili ni umeme, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Kwa sababu tunanunua LUKU, tunaona kama umeme ni gharama ya kubadilika tupu: ukitumia unalipa, usipotumia hulipi. Lakini simama kwenye karakana hiyo saa nne usiku. Taa mbili za nje zinawaka kwa ajili ya mlinzi, feni ya kibanda chake inazunguka, na hakuna ubao hata mmoja unaopigwa randa. Uniti hizo zitakwenda hata mwezi usio na oda. Na tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo pesa unayolipa si umeme peke yake. Ndiyo maana napenda kuhesabu uniti kwanza, shilingi baadaye.

Nilimwomba ujumbe wa manunuzi ya LUKU wa miezi sita. Manunuzi peke yake hayatoshi, maana mtu anaweza kununua uniti 200 tarehe 29 na kuzitumia mwezi unaofuata. Bahati nzuri alikuwa na desturi ya kupiga picha mita kila tarehe mosi. Tulichukua uniti zilizokuwepo mwanzo wa mwezi, tukajumlisha zilizonunuliwa, tukatoa zilizobaki mwisho. Tukapata matumizi halisi:

- vitanda 8, uniti 210
- vitanda 10, uniti 390
- vitanda 11, uniti 249
- vitanda 14, uniti 275
- vitanda 15, uniti 298
- vitanda 18, uniti 330

Kabla ya kugusa kikokotoo nilichora nukta sita kwenye karatasi, vitanda upande wa chini, uniti upande wa kushoto. Tano zilijipanga karibu mstari mmoja. Moja, ya mwezi wa vitanda 10, ilikaa juu peke yake. Fundi aliitazama kidogo, akakumbuka: mwezi ule jirani anayechomelea mageti alikatikiwa umeme, akavuta waya kutoka karakana hii kwa wiki nzima. Mwezi huo tukauweka kando, kwa sababu hautuambii chochote kuhusu vitanda.

Kisha tukachukua mwezi wenye vitanda vingi zaidi na wenye vichache zaidi. Zingatia hapo: unachagua kwa idadi ya vitanda, huchagui kwa ukubwa wa bili. Angechagua kwa bili angeangukia kwenye uniti 390 za jirani na hesabu yote ingeharibika. Kutoka vitanda 8 hadi 18 ni ongezeko la vitanda 10, na uniti ziliongezeka 120. Kila kitanda, basi, kinakula uniti 12. Kwenye mwezi wa vitanda 8, vitanda vilikula 96, zilizobaki 114 ni za taa, feni na mambo mengine ya kila siku. Tukajaribu kwa mwezi wa vitanda 15: 114 jumlisha 180 ni 294, mita ilisema 298. Kwa karakana hiyo inatosha. Kwa kiwango anacholipia, uniti inamgharimu kama shilingi 357, kwa hiyo kila kitanda kinabeba umeme wa takriban 4,300, na kila mwezi unabeba 41,000 hata pasipo kazi.

Sasa hesabu ikasimama vizuri. Gharama za kudumu: pango, mlinzi, leseni, uchakavu wa mashine, malipo yake, sehemu ya kudumu ya kijana wa vanishi na ya umeme, jumla 1,361,000. Gharama za kitanda kimoja: mbao, fundi, vanishi na wenzake, gundi na bolti 6,700 alizokuwa amezisahau, 8,000 ya kijana na 4,300 ya umeme, jumla 279,000. Mchango ni 121,000. Gawa 1,361,000 kwa 121,000, unapata 11.2. Kwa kuwa hakuna anayenunua robo ya kitanda, ni vitanda 12.

Vinne na 12. Mwezi ule wa vitanda 8 ambao aliuona wa kawaida, mchango ulikuwa 968,000, pungufu ya 393,000. Kati ya hizo, 80,000 ni uchakavu ambao haukumtoka mfukoni. Zile 313,000 zilimtoka, na zilitoka kwenye fedha za mbao. Tulikwenda nyuma ya fremu alikokuwa akirundika mbao, akanionyesha ukutani alama ya vumbi mahali rundo lilipokuwa likifika mwaka uliopita. Lilikuwa chini yake kama mkono mzima. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta kwanza karakana ikiwa na wateja lakini haina fedha.

Akauliza jambo zuri: je, angeajiri mafundi wawili kwa mshahara wa 400,000 kila mmoja badala ya kulipa 65,000 kwa kipande, ingekuwa nafuu? Tukaikokotoa. Gharama za kudumu zinapanda hadi 2,161,000, gharama za kitanda zinashuka hadi 214,000, mchango unakuwa 186,000. Gawa: 11.6, yaani vitanda 12 tena. Nukta ya usawa haikusogea. Mtu anayeangalia namba hiyo peke yake atasema njia zote mbili ni sawa.

Si sawa hata kidogo. Mwezi wa vitanda 18, kwa malipo ya kipande anabaki na faida ya 817,000, kwa mshahara 1,187,000. Mwezi wa vitanda 8, kwa kipande hasara ni 393,000, kwa mshahara 673,000. Gharama za kudumu zikiwa nyingi na mchango ukiwa mkubwa, kila kitanda juu ya nukta kinaleta zaidi, na kila kinachopungua chini yake kinauma zaidi. Kwa hiyo, ukishajua nukta iko wapi, tazama miezi yako inaangukia upande gani na mara ngapi. Yeye, katika miezi sita, mitatu ilikuwa chini ya 12. Nilimshauri abaki na malipo ya kipande, na sikusita.

Hesabu hii ina mipaka yake. Namba 1,361,000 ni ya kudumu kwa karakana inayotengeneza kati ya vitanda 8 na 20. Akitaka 25, fremu ile haitatosha, atapanga ya pili, na gharama za kudumu zitaruka kwa mkupuo mmoja. Itabidi nukta itafutwe upya. Vilevile bei ya mbao ikipanda 20,000 kwa kitanda, mchango unabaki 101,000 na nukta inahamia vitanda 14.

Bei nayo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mteja akiomba apunguziwe 30,000, punguzo linaonekana dogo kwenye 400,000. Lakini halitoki kwenye 400,000, linatoka kwenye 121,000. Akiwapunguzia wote, mchango unakuwa 91,000 na anahitaji vitanda 15.

Wiki ile aliandika 12 kwa chaki kwenye mlango wa stoo, na chini yake akawa anapiga mstari kila kitanda kinapolipwa chote. Vya malipo ya awali havipigiwi mstari. Hilo la malipo ya awali alilifikiria mwenyewe.