Pivoti haijakosea hesabu, tarehe zako ndizo zimegeuka

Wiki hii nimeambiwa tena: "Pivoti ya Excel haiaminiki, inakosea hesabu." Safari hii aliyesema ni mhasibu wa duka la jumla linalouza unga, sukari na mafuta ya kula Mwanza, Dodoma na Mbeya. Alikuwa na mauzo ya Januari hadi Machi 2024, na pivoti yake ilionyesha mauzo ya Desemba 2024. Faili lilitoka kwenye mashine ya mauzo mwanzoni mwa Aprili.

Pivoti hujumlisha ilichopewa, basi. Kilichoharibika kiliharibika kabla haijatengenezwa.

Mashine ya mauzo huandika tarehe kama sisi, siku kwanza: 02/01/2024 ni tarehe 2 Januari. Kompyuta yake imewekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Alipobofya faili la CSV mara mbili likafunguka, Excel ikasoma 02/01/2024 kuwa tarehe 1 Februari, na 12/01/2024 kuwa tarehe 1 Desemba. Haikutoa onyo lolote. Ilipofika 13/01/2024 ikakwama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ikaiacha kama maandishi tu.

Kwa hiyo safu moja ya tarehe ina vitu viwili: tarehe halisi ambazo ni za uongo, na maandishi ambayo ni ya kweli. Watu huyashuku maandishi kwa sababu ndiyo yanayoleta kelele. Ukijaribu kupanga kwa miezi unaambiwa "Cannot group that selection", na ukitumia MONTH unapata #VALUE!. Mhasibu wetu alifuta mistari yote yenye #VALUE!. Robo ile ina siku 91, naye akabaki na siku 36, yaani tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi, tena zikiwa zimetawanyika miezi yote 12. Alifuta data nzuri akabakiza mbovu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuligundua ni rahisi. Usipobadilisha mpangilio wa seli, tarehe halisi hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto. Kisha tazama zile za kulia: kama siku zote ni 1, 2 na 3 tu, basi hizo ni Januari, Februari na Machi zilizogeuzwa.

Tiba bora ni kurudi kwenye CSV ya asili. Fungua kitabu kipya, nenda Data, kisha From Text/CSV, kisha Transform Data. Futa hatua inayoitwa Changed Type, maana hapo ndipo tarehe hugeuzwa. Bofya kulia kichwa cha safu ya Tarehe, chagua Change Type, Using Locale, halafu Date na English (United Kingdom). Safu ya Mauzo ifanye kuwa namba, kisha Close & Load.

Kama CSV imepotea na hakuna mstari uliofutwa, fomula hii hurudisha zote mbili:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
 DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Inafaa tu kama hakuna aliyerekebisha tarehe kwa mkono. Akishapita mtu akasahihisha "zile alizoziona", 03/02 moja huwezi kuitofautisha na nyingine. Hapo mimi huomba faili upya, hata kama bosi anasubiri.

Baada ya hapo pivoti yenyewe ni kazi ya dakika mbili. Insert, PivotTable, Bidhaa kwenye Rows na Mkoa chini yake, Tarehe kwenye Columns, Mauzo kwenye Values. Ikiandika Count of badala ya Sum of, huenda mtu ameandika "45,000/=" mahali pa namba. Bofya kulia tarehe, Group, uchague Months na Years pamoja, la sivyo Januari za miaka miwili zitamezana. Ukiongeza mauzo mapya, bonyeza Refresh.

Kuhusu Group yenyewe nimebadili msimamo mara kadhaa. Data ikiwa safi ni njia ya haraka, lakini kwa faili linaloletwa kila mwezi na watu tofauti sasa naongeza safu ya Mwezi yenye =EOMONTH(A2,-1)+1, ili tarehe mbovu ipige kelele mapema. Hata hiyo haikamati tarehe iliyogeuzwa.

Wala Grand Total haiikamati. Tarehe zikigeuka, fedha hazipungui, zinahama mwezi tu. Ndiyo maana jumla ikilingana na SUM bado naangalia mwezi wa kwanza na wa mwisho kwenye pivoti. Kwa mhasibu wetu, tulipopakia CSV upya, safu tisa zilitoweka, zikabaki Januari, Februari na Machi.