Safina kabla ya nahau: dhana potofu kuhusu mpangilio wa vitabu vya darsa

Dhana: Mwanafunzi alimaliza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, akaingia mantiki, ndipo akaruhusiwa sheria.

Katika darsa za Kishafii za pwani yetu, fikihi, yaani hiyo sheria, ndiyo hutangulia, kwa kuwa mtoto husali kabla hajajua irabu. Huanzia Safina, kijitabu cha Salim bin Sumeir wa Hadharamaut. Sheikh husoma kipande cha Kiarabu, akakifasiri kwa Kiswahili, kisha akasonga mbele. Fardhi za udhu, mtoto huambiwa, ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata utaratibu. Dalili hatajiwi.

Baadaye huja Ajurrumia, matini fupi ya nahau ya Ibnu Ajurrum wa Fasi, aliyefariki 1323. Fikihi nayo haiachwi: kuna matini ya Abu Shujaa, na mbele zaidi Minhaji ya Imamu Nawawi. Udhu unarudi kila mara na fardhi zake ni zilezile sita. Kinachobadilika ni maswali.

Chukua miguu. Katika aya ya 6 ya Suratul Maida kuna visomo viwili vinavyokubalika, "arjulakum" na "arjulikum". Ukisoma kwa fat-ha, yaani "arjulakum", neno limeungana na nyuso na mikono, vinavyooshwa. Ukisoma kwa kasra, yaani "arjulikum", kwa dhahiri limefuata vichwa, vinavyopakwa maji. Wanaoshikilia kuosha wana majibu yao kuhusu kasra hiyo, lakini aliyesoma Safina peke yake hata swali halioni. Nahau humfikia akiwa tayari ana hukumu ya kuipimia.

Dhana: Tauhidi ilikuwa kilele, haifundishwi ila mwisho.

Mtoto huimba Akidatul Awami, beti 57 za Marzuki, na sifa 20 za wajibu za Mwenyezi Mungu anazijua kwa moyo. Kinachosubiri ni hoja. Ummul Barahini ya Sanusi, kitabu cha hoja za tauhidi, ni fupi pia, ila inaanza na hukumu ya akili: wajibu, yaani kisichoweza kukosekana, muhali, kisichoweza kuwapo, na jaizi, kinachoweza yote mawili. Bila kushikwa mkono, mtu hukwama ukurasa wa kwanza.

Dhana: Mantiki ilikuwa haramu kwa wanazuoni, au kinyume chake, kila mmoja alilazimika kuisoma.

Akhdari, aliyetunga Sullam, kitabu cha mantiki, kwa beti akiwa na miaka 21, anayataja mabishano hayo mwanzoni kabisa: Ibnu Salah na Nawawi waliharamisha, wengine wakaona inafaa kujifunza, naye akachagua kuruhusu kwa mwenye akili timamu aliyezama katika Kitabu na Sunna. Nawawi huyo ndiye mwenye Minhaji. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma vitabu vyote viwili alikuta, ndani ya somo la mantiki lenyewe, jina la imamu wake wa fikihi likipinga somo hilo, na darsa likaendelea.