Fataki juu ya maji ya Kivukoni: dhana potofu na ukweli

Picha ninayoifanyia kazi imepigwa usiku kutoka juu ya paa upande wa Kigamboni, kamera ikiwa takriban mita 20 juu ya maji. Mbele ni mlango wa bandari, ng'ambo ni Kivukoni, na nyuma yake minara ya katikati ya Dar es Salaam. Anga ni tupu. Nataka kuongeza fataki za mkesha wa mwaka mpya kwa Photoshop, zionekane zimefyatuliwa nyuma ya majengo, pamoja na moshi wake na taswira yake majini. Kazi ya namna hii nimeiona ikiharibika mara nyingi, yangu ikiwemo, na karibu kila mara chanzo ni mojawapo ya dhana hizi.

Dhana: Ukipata picha nzuri za fataki, unazipanga tu pale anga lilipo tupu.

Ukweli ni kwamba kabla ya kufungua picha yoyote ya fataki lazima uamue zinafyatuliwa wapi. Ni mtumbwini katikati ya maji, ufukweni, au uwanjani nyuma ya majengo? Ukubwa, kimo, mwelekeo wa moshi na taswira majini vyote vinatokana na jibu hilo.

Mimi nimechagua sehemu iliyo mita 1,500 kutoka kwenye kamera. Mnara mrefu ulio mbele yake tuukadirie mita 150 kwa kimo na mita 1,000 kwa umbali. Sasa, wafyatuaji wana kipimo cha makadirio kwamba kila inchi moja ya kipenyo cha kombora hulipandisha kama mita 30. Kombora la inchi 6 basi hupasuka kwenye mita 180 hivi. Mtu atasema mita 180 ni zaidi ya 150, kwa hiyo ua la moto litakaa juu ya mnara. Halitakaa. Liko mbali zaidi, na kwa jicho lililo mita 20 juu ya maji kitovu chake kinaangukia chini ya ncha ya mnara. Kinachochomoza ni cheche za juu tu. Ni kombora la inchi 8, lenye kufika mita 240, ambalo kitovu chake kinapita kidogo juu ya mnara.

Ndiyo maana ua la moto lililotanda juu ya mji mzima, mara tatu ya kimo cha majengo, hulifanya jiji lionekane kama mfano wa maboksi mezani. Ukipanga milipuko kadhaa kwa tabaka, ya inchi 6 ikae chini na nusu yake ifichwe na majengo, ya inchi 8 ikae juu yake. Mikia ya kupandia yote ishuke kuelekea sehemu ile ile moja ya ardhi. Mkia unaoelekea kwingine ni ushahidi kwamba umekata picha ya shughuli nyingine.

Dhana: Ukiweka leya kwenye Screen, weusi unatoweka wenyewe.

Screen, namna ya kuchanganya leya kwa kuongeza mwanga, huondoa weusi kamili tu, yaani sufuri. Anga la picha ya fataki si sufuri, kwa kuwa moshi na taa za mji huliachia thamani ya 10 hadi 20 kati ya 255. Kama anga lako lina 30 na "weusi" wa fataki una 12, baada ya Screen unapata 41. Kwa macho ya kawaida huoni kitu, lakini ukiituma picha kwenye simu yenye mwanga mkali, kisanduku cha mstatili kinajitokeza kuzunguka kila mlipuko.

Ili kukibaini, weka Levels juu ya kila kitu kwa muda na uvute pembetatu ya katikati kushoto mpaka anga liwe la kijivu. Visanduku vitajionyesha. Kisha rudi kwenye leya ya fataki yenyewe na uisogeze pembetatu nyeusi ya Levels kuelekea kulia, polepole, hadi kisanduku kipotee. Ishia hapo. Ukizidisha, ncha nyembamba za cheche zinakatika na ua linabaki na kingo butu.

Screen pia haijui kipi kiko mbele. Fataki zote ziingize kwenye kundi moja, na kundi hilo ulipe Layer Mask moja iliyofuata umbo la majengo.

Dhana: Moshi ni pambo, unaongezwa mwishoni kwa Screen.

Hapa naomba usiharakishe, kwa sababu moshi ndio unaoeleza wakati. Mlipuko wa kwanza hukuta anga safi. Wa tano hupasukia ndani au nyuma ya moshi wa minne iliyotangulia. Kwa hiyo moshi hauwi leya moja ya juu, bali unaingia kati ya milipuko. Ulio nyuma ya mlipuko mpya unamulikwa kwa rangi yake, na ulio mbele unafunika sehemu ya cheche na kuzififisha. Upande wa chini, karibu na mapaa, unachukua rangi ya taa za barabarani.

Screen inaweza kuongeza mwanga tu, haiwezi kuficha kitu, ilhali moshi wa kweli hukifanya kilicho nyuma yake kififie. Tumia leya ya Normal yenye Opacity ya asilimia 20 hadi 40, kisha uupake rangi ya mlipuko ulio karibu. Watu wengi hupiga picha ya moshi wa udi mbele ya kitambaa cheusi na kuutumia. Moshi wa udi una nyuzi nyembamba zinazojisokota, na nyuzi hizo humwambia mtazamaji kwamba kitu ni kidogo na kiko karibu. Moshi wa fataki ni mabonge, na kwa kuwa picha za fataki huachwa wazi kwa sekunde kadhaa, mabonge hayo hulainika yakisukumwa na upepo.

Upepo wenyewe si wa kubuni. Mwishoni mwa Desemba pwani yetu iko kwenye kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki. Ukiwa Kigamboni ukitazama mjini, unaangalia takriban kaskazini magharibi, hivyo kaskazi inakujia kutoka mkono wa kulia na moshi unaelekea kushoto. Toleo langu la kwanza nilimwonyesha nahodha mmoja wa boti ya uvuvi. Hakuziangalia fataki. Aliuliza, "Huu upepo wa mwezi gani?" Moshi wangu ulikuwa unakwenda kulia. Mpigapicha aliyezaliwa bara asingeona kosa hilo, ila mtu anayeishi kwa pepo za bahari aliliona kabla ya kitu kingine chochote.

Dhana: Taswira majini ni picha ile ile iliyogeuzwa kichwa chini kwenye mstari wa ufukwe.

Kati ya dhana zote, hii ndiyo imeharibu kazi nyingi zaidi, na huonekana sahihi mpaka uipime.

Taswira ya kila kitu hukunjika kwenye mguu wa kitu chenyewe, pale ambapo kingegusa maji kama maji yangefika hadi chini yake. Ukuta wa gati unakunjika kwenye mstari wa gati. Fataki zilizo nyuma ya mji hukunjika kwenye mstari wao, ulio juu zaidi kwenye picha, karibu na upeo wa macho.

Tuchukue picha yangu. Ukingo wa gati uko mita 400 kutoka kwenye kamera na unaonekana pikseli 250 chini ya upeo wa macho. Kwa kipimo hicho hicho, mguu wa fataki zilizo mita 1,500 uko pikseli 67 tu chini ya upeo. Kitovu cha mlipuko wa mita 240 kiko pikseli 733 juu ya upeo, yaani 800 juu ya mguu wake. Taswira yake basi inakaa 800 chini ya mguu huo, ambayo ni 867 chini ya upeo. Aliyekunja kwenye gati ataiweka kwenye 1,233. Amekosea kwa zaidi ya pikseli 360, na taswira inaelea karibu na miguu ya mtazamaji kama kwamba fataki zililipuka juu ya kivuko.

Kwa hiyo baada ya Flip Vertical, usiiburute taswira mpaka iguse gati. Tafuta upeo wa macho kwanza: ghorofa yoyote ya ng'ambo iliyo kwenye kimo sawa na kamera yako iko kwenye mstari huo. Kisha kunja chini yake kidogo.

Na maji huona kutoka chini, hivyo majengo huficha zaidi kwenye taswira kuliko angani. Katika mfano huu cheche zilizo kati ya mita 215 na 235 zinaonekana juu ya mnara lakini majini zimefichwa nao. Layer Mask ya angani haiwezi kugeuzwa tu. Taswira inahitaji yake. Kamera ikiwa chini kabisa, kama mita 3 juu ya maji, tofauti hizi zote hupungua hadi usizihisi, na ndiyo sababu wanaopigia ufukweni hudhani kugeuza kunatosha.

Dhana: Taswira ing'ae sawa na fataki, na itikisike kwa mawimbi pande zote.

Maji matulivu hurudisha mwanga kulingana na pembe. Mlipuko ulio nyuzi 5 juu ya upeo hurudishiwa zaidi ya nusu ya mwanga wake. Ulio nyuzi 10, kama asilimia 35. Ulio nyuzi 20, asilimia 13 hivi. Milipuko ya juu inafifia majini haraka kuliko ya chini, basi punguza mwanga wa kila mmoja peke yake. Jambo moja zuri hufuata: kitovu kilichoungua kuwa cheupe angani, majini hupata rangi yake tena, kwa sababu mwanga umepungua. Ukinakili weupe ule hadi majini, macho yanaukataa.

Kuhusu mawimbi madogo, ukiyatazama kutoka mbali huirefusha taswira kuelekea kwako, hayaitanui pembeni sana. Motion Blur yenye pembe ya 90 inafanya kazi hiyo. Urefu usiubahatishe. Picha yako tayari ina taa za mji zenye michirizi majini. Pima mchirizi wa taa moja, uone unavyokatikakatika na unavyopauka ukishuka, kisha ufanye wa fataki ufanane nao. Kama michirizi hiyo ni mifupi na mawimbi yanaonekana makali moja moja, picha ilipigwa kwa muda mfupi sana. Hapo maua ya moto yenye mikia ya sekunde nne hayataingia. Itabidi utafute picha nyingine ya jiji, iliyopigwa kwenye tripodi.